Wanga, Bungua na Kiungo: Mwanzi kama Nguzo ya Jengo, kwa Mfano wa Paa la Kichochoro cha Kikuubo, Kampala

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kwa nini mwanzi unaotumiwa kama nguzo na boriti katika miji ya Afrika Mashariki huharibika mapema, na namna uharibifu huo unavyoweza kuzuiwa. Mfano unaochambuliwa ni paa la kivuli lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 9, la aina inayoweza kusimamishwa katika kichochoro cha biashara kama Kikuubo. Inadaiwa kwamba uchaguzi wa aina ya mwanzi, utiaji dawa na uundaji wa viungo ni jambo moja linalofuata njia ya wanga na maji ndani ya shina. Inadaiwa pia kwamba lugha ya mikataba ya ujenzi, ambayo mara nyingi husema tu "mianzi iliyotiwa dawa", haimpi mkaguzi kitu cha kukagua.

Utangulizi

Katika Kiganda, neno ekikuubo lina maana ya njia nyembamba kati ya majengo. Kikuubo ya Kampala, iliyo karibu na vituo vikuu vya mabasi na teksi katikati ya jiji, ndiyo njia hiyo iliyogeuka kuwa soko la jumla. Wanunuzi huja kutoka wilaya zote za Uganda, na vilevile kutoka Kongo ya mashariki, Sudani Kusini na Rwanda, na Kiswahili husikika humo kwa sababu ya biashara hiyo. Msamiati wa vifaa vya ujenzi huingia katika mazungumzo haya pamoja na mkanganyiko wake. Mwanzi kwa Kiganda huitwa ebbanda, na wingi wake ni amabanda. Msemaji wa Kiswahili kutoka Goma anayesikia kwamba paa litajengwa kwa "mabanda" huelewa jengo, si kifaa. Kosa hilo hurekebishwa kwa kuonyesha kidole. Yapo makosa mengine ya majina ambayo hayarekebishwi kwa urahisi hivyo, kwa sababu hujitokeza miezi kadhaa baada ya fundi kulipwa na kuondoka.

Uganda ina Mkakati wa Kitaifa wa Mianzi wa mwaka 2019 hadi 2029, na shirika la viwango la kimataifa, ISO, lina kanuni ya usanifu wa majengo ya mianzi, ISO 22156, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na kuandikwa upya mwaka 2021. Toleo hilo jipya linahusu majengo ya ghorofa moja au mbili yasiyozidi mita 7 kwa kimo. Kwa hiyo paa la kichochoro liko ndani kabisa ya mipaka yake. Hata hivyo, mwanzi bado huhesabiwa na wengi kuwa kifaa cha muda, cha kubomolewa baada ya misimu miwili. Hukumu hiyo inatokana na uzoefu wa kweli, lakini uzoefu huo ni wa mwanzi mbichi, uliokatwa bila kuchaguliwa, usiotiwa dawa na uliopigwa misumari.

Neno moja, mimea mitatu

Neno mwanzi linaficha angalau mimea mitatu inayopatikana Uganda. Wa kwanza ni mwanzi wa milimani, Oldeania alpina, unaoota katika Mlima Elgoni, Echuya, Mgahinga na Ruwenzori. Machipukizi yake ndiyo malewa, chakula mashuhuri cha Wamasaba. Shina lake ni lenye uwazi ndani, limenyooka vizuri, na kipenyo chake huwa kati ya sentimita 5 na 12. Mtafiti anayetafuta maandishi juu yake aonywe kwamba wataalamu wa mimea wenyewe wamelibadilisha jina lake zaidi ya mara moja. Katika ripoti za zamani huitwa Arundinaria, Sinarundinaria au Yushania, na orodha za serikali huweza kuuhesabu mmea mmoja mara mbili.

Wa pili ni mwanzi wa nyanda za chini, Oxytenanthera abyssinica, wa maeneo makavu ya kaskazini mwa Uganda. Wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania wanaujua kwa kinywaji chake, maana ndio mwanzi wa ulanzi. Shina lake ni jembamba zaidi, mara nyingi sentimita 3 hadi 8, na karibu halina uwazi kabisa. Ni gumu na zito, lakini halinyooki kama la milimani. Wa tatu, Bambusa vulgaris, uliletwa kutoka Asia na sasa umeenea kwenye mabonde na bustani. Ule wa manjano wenye mistari ya kijani unaopandwa kwa urembo ni wa jamii hiyohiyo. Kwa mjenzi wa Kampala huo ndio rahisi kupatikana, kwa kuwa mianzi mingi ya milimani imo ndani ya hifadhi na misitu ya serikali, na uvunaji wake unahitaji kibali.

Urahisi huo una gharama. Bambusa vulgaris ina wanga mwingi katika tishu zake, na huliwa na wadudu upesi kuliko mingine miwili. Mkataba unaosema "mianzi yenye kipenyo cha sentimita 8" unaweza kutimizwa kwa halali na mmea ambao kwa kazi hiyo ndio mbaya kuliko yote. Kwa paa linalochambuliwa hapa, nguzo na boriti zinafaa kuwa za mwanzi wa milimani. Ule wa nyanda za chini unafaa kwa vipande vifupi vinavyobeba mgandamizo, kwa mfano mihimili ya mshazari inayoziba pembe za fremu. Bambusa vulgaris itumike pale tu ambapo utiaji dawa unaweza kuthibitishwa.

Umri nao una uzito sawa na aina. Chipukizi la mwanzi hutoka ardhini likiwa na unene wake wa mwisho. Halinenepi tena kama mti, bali hurefuka tu, na hufikia kimo chake chote katika msimu mmoja wa ukuaji. Kwa sababu hiyo mwanzi wa mwaka mmoja na wa miaka minne husimama sawa kwa kimo na unene, na mnunuzi asiyejua hawezi kuwatofautisha. Tofauti iko katika ukuta wa shina, ambao huendelea kukomaa na kukakamaa kwa miaka mitatu hadi mitano. Shina changa bado lina maganda kwenye mafundo na unga mweupe juu ya ngozi. Lililokomaa halina maganda, rangi yake imefifia, na madoa ya kuvu-mwani yameanza kuonekana. Likigongwa kwa mpini wa panga hutoa sauti kavu na kali. Shina changa likikauka hunywea na kupindika, na hakuna dawa wala kiungo kinachoweza kulirudisha.

Bungua si mchwa

Kiswahili kina maneno mawili mahususi kwa jambo ambalo nyaraka nyingi huliita "wadudu". Mchwa hutoka ardhini, hujenga njia za udongo juu ya nguzo, na hula mti wenyewe. Bungua ni mbawakawa mdogo anayetoboa. Anayeshambulia mianzi zaidi ni Dinoderus minutus, mwenye urefu wa takribani milimita 3, ambaye huruka na hahitaji kugusa ardhi. Yeye hafuati nyuzi za mwanzi, hufuata wanga uliohifadhiwa katika tishu laini kati ya nyuzi hizo. Kumwaga sumu ya mchwa kuzunguka mguu wa nguzo hakumgusi hata kidogo, na hilo ni kosa la kawaida linalotokana na jina.

Njia yake ya kuingia inaeleza karibu kila kitu kinachofuata. Ngozi ya nje ya mwanzi ina nta na silika, nayo ni kinga nzuri. Jike hupita palipokatwa, yaani kwenye ncha za shina, palipopasuka, au palipotobolewa kwa kekee. Hutaga ndani ya mishipa iliyoachwa wazi. Mabuu hula wanga wakifuata urefu wa shina, na katika joto la Kampala kizazi kipya hutoka baada ya wiki sita hadi nane hivi. Dalili ya kwanza ni unga laini kama wa muhogo chini ya boriti, ikifuatiwa na matundu ya mviringo yenye kipenyo cha milimita moja hivi. Njia za udongo zikionekana, huyo ni mchwa. Mwanzi ukiwa laini, wenye madoa meusi na unyevu, ni kuvu. Tofauti hizo tatu hutaka tiba tatu tofauti, na mkaguzi anapaswa kuziandika kwa majina yake.

Wanga unaweza kupimwa kwa njia nyepesi. Tone la iodini ya dukani la dawa, likiwekwa juu ya ncha iliyokatwa upya, hugeuka bluu-nyeusi palipo na wanga. Wanga huwa mwingi kabla ya machipukizi kutoka, mmea unapoweka akiba ya kulisha kizazi kipya, na hupungua baada ya mvua, akiba hiyo ikishatumika. Ndiyo maana vitabu hushauri kuvuna mwanzoni mwa kiangazi. Ushauri huo, hata hivyo, umeandikwa zaidi kwa nchi zenye msimu mmoja wa mvua. Kusini mwa Uganda mvua ni mbili kwa mwaka, na kalenda iliyonakiliwa kutoka Asia haiwezi kuaminiwa bila tone la iodini. Mafundi wa kale waliozamisha mianzi mtoni kwa wiki kadhaa walikuwa wakiutoa wanga huo kwa maji. Njia yao hupunguza bungua, lakini haimzuii mchwa.

Dawa huingia kwa njia gani

Mti wa mbao una chembe zinazopeleka majimaji kutoka nje kwenda ndani. Mwanzi hauna. Mishipa yake yote huenda kwa urefu tu, na katika upana wa ukuta huchukua chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kupaka dawa kwa brashi, au kupaka oili chafu ya gari kama inavyofanywa kwa mikaratusi, hulinda ngozi ambayo haikuhitaji ulinzi. Dawa lazima iingie kwa ncha za mishipa na kwa upande wa ndani wa ukuta, na lazima iingie mwanzi ukiwa mbichi, kwa sababu huenea kwa kupitia utomvu. Mwanzi ukishakauka, mishipa huziba.

Dawa inayofaa kwa kazi ya chini ya paa ni chumvi za boroni, yaani boraksi na asidi ya boriki kwa uwiano wa kilo 3 kwa 2. Kilo 5 za mchanganyiko huo katika lita 95 za maji hutoa myeyuko wa asilimia 5. Kuta za ndani za mafundo hutobolewa kwa nondo ndefu iliyochongwa ncha, kutoka mwisho hadi mwisho, ili myeyuko ujaze uwazi wote. Kisha mianzi hulazwa tangini na kukandamizwa kwa mawe isielee, kwa siku 7 hadi 14. Mwanzi wa nyanda za chini, usio na uwazi, hauwezi kutobolewa hivyo. Huo hukaa tangini muda mrefu zaidi, au husukumiwa dawa kwa shinikizo kutoka kitako siku ileile uliyokatwa.

Hapa hesabu ya paa la mfano inafaa kufanywa. Paa hilo linahitaji takribani mashina 20 ya mita 6, yenye kipenyo cha sentimita 8 na ukuta wa sentimita 1. Tangi lenye urefu wa mita 6.2, upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 50 hubeba mashina 40, yanayokaribia mapaa mawili. Ujazo wa tangi ni lita 2,480. Kuta za mashina 40 zinachukua lita 530 hivi, na zinazobaki ni karibu lita 1,950 za myeyuko. Kiasi hicho kinahitaji karibu kilo 100 za chumvi, yaani 60 za boraksi na 40 za asidi ya boriki. Kwa mfanyabiashara mmoja hiyo ni gharama ya kukatisha tamaa. Lakini ikichukuliwa kwamba kila mita ya ujazo ya ukuta wa mwanzi inabaki na kilo 5 za chumvi, mashina yote 40 yanaondoka na chini ya kilo 3. Kilichobaki kiko tangini na hutumika kwa kundi linalofuata, baada ya kupimwa na kuongezewa, kwa sababu utomvu huuzimua myeyuko.

Maana ya hesabu hiyo kwa mshauri wa sera iko wazi. Gharama ya kutia dawa karibu yote ni tangi na ujazo wa kwanza. Haifai kudaiwa kwa kila jengo wala kwa kila fundi. Inafaa kuwekwa mahali pamoja, kwenye ushirika wa wavunaji au kwenye ghala la muuzaji, ambapo mamia ya mashina hupitia tangi moja. Programu inayogawa mifuko ya chumvi kwa mafundi mmoja mmoja inalipia sehemu ndogo ya gharama na kuiacha ile kubwa bila mwenyewe.

Uthibitisho nao ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Bizari ya manjano, kiungo cha kawaida cha jikoni, ikilowekwa katika spiriti na kuchujwa, hupakwa juu ya sehemu iliyokatwa upya. Ikikauka hupakwa kimiminika cha pili, spiriti yenye asidi ya hidrokloriki na asidi ya salisiliki. Palipo na boroni rangi ya manjano hugeuka nyekundu. Jambo la kuzingatia ni mahali pa kukata. Ncha za shina karibu kila mara zitakuwa nyekundu, hata kama lilizamishwa siku moja tu. Shina moja kutoka kila kundi linapaswa kukatwa katikati, mbali na ncha zote mbili, na wekundu uonekane katika unene wote wa ukuta. Kuharibu shina moja kati ya arobaini ni bei ndogo ya kujua hali ya mengine thelathini na tisa.

Chumvi za boroni zina mpaka mmoja mkubwa. Zinayeyuka katika maji, na hazijifungi na mwanzi. Zinavyoingia ndivyo zinavyotoka mvua ikiendelea kupiga. Vilevile si za kushikwa ovyo. Umoja wa Ulaya umeiweka asidi ya boriki katika kundi la kemikali zinazodhuru uzazi, na myeyuko uliomwagwa shambani huua mimea. Wafanyakazi wavae glavu, na tangi lisiwe karibu na mtaro. Kuna dawa zinazojifunga na mti zisitoke kwa mvua, lakini ile inayojulikana zaidi ina aseniki, na haifai katika njia ambamo watu hupitisha vyakula kwa magunia.

Kukausha hufuata. Mashina husimamishwa kivulini penye upepo kwa wiki kadhaa, hadi miezi miwili. Mwanzi, tofauti na mbao, hunywea tangu mwanzo wa kukauka, na ukianikwa juani ukuta wa nje hunywea kabla ya ule wa ndani na shina hupasuka kwa urefu. Ufa huo una habari zaidi katika sehemu inayofuata.

Kiungo

Nyuzi za mwanzi zikivutwa kwa urefu zina nguvu kubwa. Zikivutwa kwa upana, yaani kutenganishwa, nguvu hiyo hushuka hadi chini ya sehemu moja ya hamsini, maana hakuna kitu kinachozifunga pamoja ila tishu laini. Mwanzi hauvunjiki kwenye jengo kwa kulemewa. Hupasuka kwenye kiungo. Msumari ni kabari, na kila msumari unaopigwa bila tundu la kekee huanzisha ufa.

Kanuni ya kwanza ni kukaa karibu na fundo. Boriti ikikaa juu ya nguzo, kichwa cha nguzo hukatwa kwa umbo la nusu duara linalokumbatia boriti, na mkato huo uwe sentimita chache juu ya fundo, ili midomo miwili iliyobaki isipasuke. Boriti nayo inapokandamizwa na nguzo inapaswa kuwa na fundo hapo, au pingili yake ijazwe mchanganyiko wa saruji na mchanga kupitia tundu dogo. Njia hii ya kujaza pingili ambamo bolti hupita ilisambaa kutoka Kolombia, kwa kazi za msanifu Simón Vélez, ambaye banda lake la mianzi lilionyeshwa katika maonyesho ya dunia ya Hanova mwaka 2000. Saruji hiyo haishikamani sana na mwanzi. Kazi yake ni kueneza mgandamizo wa bolti na kuzuia ukuta usibonyee. Huongeza uzito pia, na kwa paa jepesi pingili chache tu ndizo zinazostahili.

Katika paa la mfano, hatari kubwa si uzito bali upepo. Bati pamoja na mianzi ikichukuliwa kuwa kilo 13 kwa mita ya mraba, paa la mita za mraba 27 lina uzito wa kilo 350 hivi. Dhoruba ikisukuma kutoka chini kwa nguvu ya kilo 50 kwa mita ya mraba, jumla ni kilo 1,350, na zinabaki kilo 1,000 zinazolivuta paa juu. Kwa nguzo sita, kila kiungo kinavutwa kwa takribani kilo 165. Msumari uliopigwa kwa urefu wa nyuzi hauna jibu kwa mvuto huo.

Bolti ya milimita 12 ikipita katika kichwa cha nguzo, sentimita 5 kutoka ncha, itang'oka kwa kukata vipande viwili vya ukuta. Kila kipande kina nyuso mbili za kukatika, zenye urefu wa sentimita 5 na unene wa sentimita 1. Jumla ni sentimita za mraba 20. Ikiruhusiwa kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba, kiasi cha tahadhari, kiungo hubeba kilo 200. Kwenye karatasi kinatosha. Lakini ufa wa kukauka ukipita katika tundu la bolti, nyuso hizo hupungua au hutoweka, na hesabu haina kazi. Kwa hiyo bolti ipite chini ya fundo, fundo likiwa kati yake na ncha, tundu litobolewe kwa kekee baada ya shina kukauka, na kila ncha ifungwe mkanda wa chuma au waya mpana. Shina lenye ufa mahali pa bolti likataliwe kabla ya kupandishwa.

Kamba ina nafasi yake. Fundi anayefunga mwanzi mbichi hukuta kiungo kimelegea baada ya miezi miwili, kwa sababu kipenyo kimepungua. Vipande vya mpira wa ndani wa tairi hufuata unyweaji huo kwa kuwa hubaki vimevutika, na kwa mihimili midogo ya kushikilia bati vinafaa. Jua huvikausha na kuvipasua, hivyo visitumike mahali ambapo kulegea kunamaanisha kuanguka.

Kila tundu la kekee, lazima isemwe, ni mlango mpya kwa bungua na kwa maji. Matundu yote yanayotobolewa baada ya tangi yapakwe myeyuko mzito wa boroni kabla ya bolti kuingia, na ncha zote zilizokatwa jengoni zifanyiwe vivyo hivyo. Hatua hii husahaulika kuliko zote, na unga huanza kuonekana hapohapo.

Maji ya Kikuubo

Kwa kuwa dawa hutoka kwa maji, paa lazima litokeze nje ya nguzo vya kutosha, na hapo kichochoro huleta tatizo. Nafasi ni finyu, na paa la jirani humwaga maji upande. Mfereji wa bati upande huo ni sehemu ya hifadhi ya mwanzi na uandikwe hivyo katika makisio, usije ukafutwa wa kwanza bajeti ikipungua. Mguu wa nguzo haupaswi kuzikwa. Usimame juu ya kitako cha zege kilichopachikwa nondo inayoingia katika pingili ya chini iliyojazwa saruji, na bolti iunganishe nondo na ukuta wa mwanzi, maana upepo uleule wa kilo 165 unavuta hapa pia. Vitabu hupendekeza kitako cha sentimita 40 hadi 50. Eneo la chini la Kampala, kandokando ya mfereji wa Nakivubo, hufurika mvua kubwa zinaponyesha, na kimo cha kitako kinapaswa kufuata alama za maji zilizoko ukutani badala ya vitabu.

Kitako hicho kiwe pia na upana wa kuzuia mikokoteni na magunia yasigonge nguzo. Ngozi ya mwanzi ikichubuliwa, kinga ya asili huondoka mahali hapo.

Jambo ambalo mwanzi hauwezi kulitatua katika mahali kama Kikuubo ni moto. Soko la Owino, lisilo mbali na hapo, liliungua mwaka 2009 na mara nyingine baadaye. Boroni hupunguza kidogo kasi ya kushika moto, lakini ukuta wa sentimita moja wenye uwazi ndani huungua pande mbili. Paa la mwanzi juu ya njia pekee ya kutokea, lililounganishwa na la jirani kwa urefu wote wa kichochoro, lisiruhusiwe, hata likiwa na viungo bora kiasi gani. Mapaa mafupi yaliyotenganishwa, yenye upande mmoja ulio wazi kwa gari la zimamoto, yanaweza kukubalika, na umbali kati yao ni suala la mamlaka ya jiji kuamua.

Kwa mkataba wenyewe, maneno "mianzi iliyotiwa dawa" yanaweza kubadilishwa kwa sentensi moja ndefu zaidi: mwanzi wa milimani, Oldeania alpina, wa umri usiopungua miaka mitatu, usio na ufa mahali pa bolti, uliozamishwa ukiwa mbichi katika myeyuko wa boroni wa asilimia 5 kwa siku zisizopungua 7, na kuthibitishwa kwa kipimo cha bizari katikati ya shina moja kutoka kila kundi, mbele ya mkaguzi.